Mistari miwili mabegani

Nimerudi kutoka ufuoni Nyali, nafungua picha za leo.

Mabega yameiva meusi, ila palipokaa kanda za nguo imebaki mistari miwili myeupe, kama imepigwa rula.

Pua nayo inauma nikiigusa. Nilidhani ngozi nyeusi haiungui. Inaungua, ila wekundu hauonekani upesi. Utajua kwa joto na maumivu.

Asubuhi nilipaka sanskrini ya SPF 30, mara moja tu, kisha nikaogelea saa nne hadi saa nane, jua la utosi. Ilitakiwa kurudia kila baada ya saa mbili, na kila nikitoka majini.

Sasa nimeweka kitambaa cha maji baridi. Krimu ya kung'arisha siigusi, mistari itafifia yenyewe.

Jamani, nyinyi mnajikingaje? Leso? Kofia?