Kelele za pampu zilikuwa kelele za LUKU

Nyumba yetu hapa Dar es Salaam ina wapangaji saba na pampu moja. Maji ya mgao huja usiku, yanaingia tangi la chini, kisha pampu inayapandisha juu. Jirani wa chini aliandika kwenye grupu la Wasapu: "Saa kumi alfajiri mnawasha pampu, watoto hawalali. Nyie mnaoga tu, wengine tunahesabu." Kufikia asubuhi matusi yalikuwa yameshaanza.

Mimi ndiye ninayekusanya hela ya maji, kwa hiyo nilikaa nikasoma upya, nikatafuta neno "pampu" kwenye ujumbe wa miezi mitatu. Kwanza, mtu alipopendekeza tuwashe mchana, jirani alijibu, "Hata mchana nani kawaambia muwashe?" Anayesumbuliwa na kelele za usiku angeshukuru. Pili, baa ya ng'ambo hupiga muziki hadi usiku wa manane na hajawahi kuilalamikia. Tatu, malalamiko yake karibu yote yalikuwa ya mwisho wa mwezi. Nikarudi kwenye lile neno "tunahesabu". Usingizi hauhesabiwi.

Sikumuuliza kwenye grupu. Mbele ya watu ishirini mtu hutetea alichokwisha kusema. Jioni nikapiga hodi kwake. "Kaka, ukinunua umeme siku hizi unakaa siku ngapi?" Akanyamaza, kisha akanitolea simu, meseji za tokeni moja baada ya nyingine. Waya wa pampu ulikuwa umeunganishwa kwenye mita yake tangu kabla hajahamia. Aliona aibu kudai hela ndogondogo kwa majirani, akabaki na hasira.

Tulipima hapohapo. Tulizima kila kitu chumbani kwake, tukaacha pampu peke yake kwa saa moja, tukasoma mita kabla na baada: nusu uniti na ziada kidogo. Kwa saa tatu kwa siku, ni kama uniti 45 kwa mwezi. Yeye mwenyewe hutumia kama 60. Yuko kwenye tarifa ya matumizi madogo, na ukipita uniti 75 kwa mwezi kila uniti ya ziada inapanda bei sana. Yaani pampu yetu haikumlia uniti tu, ilimtoa kwenye bei nafuu. Kwa kweli iliniuma, maana nilikuwa nimeshamwita mkorofi moyoni.

Kesho yake, kwa ruhusa yake, niliandika hesabu hiyo kwenye grupu bila kutaja ugomvi. Mwenye nyumba akaleta fundi, pampu ikapata mita yake ndogo, na sasa kila mpangaji anachangia sehemu yake ya uniti ilizosoma mita hiyo, tukigawana kwa saba.

Kelele nazo zilikuwepo. Mama mwenye kichanga alinifuata pembeni baadaye, hakuwahi kuandika hata neno moja kwenye grupu. Tukaiweka pampu juu ya vipande vya tairi kuukuu, mtetemo ukapungua.