Chupa ya mofini na pakiti ya pili

Jumapili, usiku

Wiki hii nimekuwa nikiwaza kuhusu swali ambalo wahudumu wa tiba shufaa huuliza kwa haraka mno: "Bibi, unapata choo?" Bibi hujibu "napata, mjukuu wangu," tunaandika "sawa" kwenye faili na kuhamia kwenye maumivu. Jibu hilo halituambii kitu. Choo cha mwisho kilitoka lini? Kilikuwa laini, au vidonge vigumu kama mavi ya mbuzi? Alijikamua? Alibaki akihisi kuna kitu hakijatoka? Maswali hayo manne yanachukua dakika moja, na ndiyo yanayoonyesha kama mofini, dawa ya maumivu makali inayofunga choo, itaendelea kunywewa au itafichwa chini ya kitanda.

Kufichwa chini ya kitanda si maneno ya kupamba. Mgonjwa wa saratani aliyekaa siku sita bila choo, tumbo limejaa na hamu ya kula imekata, hutafuta mwenyewe sababu ya mateso yake, na huipata: ni ile dawa mpya. Anaanza kuruka dozi. Maumivu yanarudi, ndugu wanasema ugonjwa umezidi, na sisi tunaongeza mofini ambayo haikuwa ikinywewa.

Nieleze kwanza kinachotokea tumboni. Mofini hutuliza maumivu kwa kushika vipokezi vilivyopo kwenye ubongo na uti wa mgongo, lakini vipokezi vya aina hiyo hiyo vimejaa pia kwenye mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya ukuta wa utumbo. Vikishikwa, utumbo hauachi kucheza kabisa, bali hubanabana pale pale bila kusukuma chakula mbele. Majimaji yanayomwagwa ndani hupungua. Kinyesi kikikaa muda mrefu hunyonywa maji mpaka kinakuwa kikavu, na misuli ya mlango wa haja kubwa nayo hukaza. Kichefuchefu na usingizi wa siku za mwanzo kwa wengi hupungua baada ya siku chache, kwa sababu mwili huzoea. Utumbo hauzoei. Mgonjwa akitumia mofini miezi minane, choo kitafungwa miezi minane. Kodeini na tramadoli, dawa za maumivu zilizo nyepesi kuliko mofini, nazo hufunga choo, kwa hiyo mgonjwa anayehamishwa kutoka kwenye dawa hizo mara nyingi anafika tayari amejaa.

Ndiyo maana dawa ya choo huandikwa kwenye karatasi ile ile, siku ile ile, pamoja na dozi ya kwanza ya mofini. Wa kuachwa ni yule ambaye tayari anaharisha kweli, au anayeshukiwa utumbo wake umeziba.

Acha niupitie mfano mmoja, wa mgonjwa niliyemuunda kutokana na mambo yanayojirudia. Mama wa miaka 62, saratani ya titi imeenea kwenye mifupa ya nyonga na mgongo. Anaishi kijijini na bintiye, choo ni cha shimo, nje, hatua thelathini kutoka mlangoni. Ameanzishwa mofini ya maji yenye miligramu 5 katika kila mililita 5. Anakunywa mililita 5 saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana na saa 12 jioni, halafu mililita 10 saa 4 usiku ili alale bila kuamshwa katikati ya usiku. Jumla ni miligramu 30 kwa siku. Usiku hunywa pia amitriptilini kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, na hiyo nayo hukausha choo. Ameambiwa ale mapapai na mboga, anywe maji mengi. Dawa ya choo hakuandikiwa.

Ushauri wa mapapai si mbaya kwa anayekula. Lakini huyu anakula vijiko vitatu vya uji, na hata angekula vizuri, tunda haliamshi utumbo uliolazwa na mofini. Unga wa nyuzinyuzi wa kukoroga ndio wa kuepuka kabisa: kwa mtu anayekunywa maji kidogo, unavimba ndani na kuwa donge.

Kilichohitajika siku ya kwanza ni dawa inayousukuma utumbo. Katika maduka yetu ya dawa inayopatikana kwa urahisi ni bisakodili ya miligramu 5. Angeanza na vidonge viwili saa 4 usiku, pamoja na dozi ya mwisho ya mofini. Hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12, kwa hiyo choo kinatarajiwa kati ya alfajiri na saa 4 asubuhi, wakati kuna mtu wa kumsaidia. Kidonge kimezwe kizima, kisisagwe, wala kisiandamane na maziwa au dawa ya kiungulia, maana ganda lake litayeyuka tumboni badala ya utumboni na kuleta msokoto. Penye sena, vidonge viwili usiku hufanya kazi hiyo hiyo. Laktulosi hulainisha tu. Ni msaidizi mzuri, mililita 15 mara mbili kwa siku, lakini huchukua siku moja au mbili, hutaka maji ya kutosha na hujaza gesi. Ikipewa peke yake, mgonjwa hubaki na choo laini ambacho hakisukumwi. Pale ambapo hakuna dawa yoyote, mbegu kavu za papai, 5 hadi 30, hutafunwa usiku, au kijiko kikubwa cha mafuta ya kula kabla ya kifungua kinywa. Ni bora kuliko kukosa, ila isiwe sababu ya kuacha kuitafuta bisakodili.

Turudi kwa mama yetu. Siku ya saba anaanza kutokwa na maji maji ya kahawia, kidogo kidogo, hata akiwa usingizini. Binti anafurahi kwamba choo kimefunguka, kisha anaona shuka zinachafuka mara tano kwa siku, anakwenda dukani na kurudi na loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha. Hapa ndipo wengi tunapotea. Aliyekaa wiki bila choo, kisha akaharisha ghafla kidogo kidogo, kwanza adhaniwe amezibwa na kinyesi kigumu mpaka ithibitike vinginevyo. Maji yanapita pembeni ya donge. Loperamidi ni ya jamii ile ile ya mofini, na kazi yake ni kulaza utumbo huo huo.

Jibu liko kwenye kidole chenye glovu na vaselini. Mgonjwa alale ubavu wa kushoto, magoti yakunjwe, aelezwe na akubali. Ukikuta kinyesi kigumu, anza chini kabla ya kutoa dawa ya juu, maana kuusukuma utumbo dhidi ya mlango uliozibwa ni kumpa msokoto bure. Kidonge cha gliserini huchomekwa ndani ya kinyesi ili kukilainisha, lakini cha bisakodili cha miligramu 10 lazima kiguse ukuta wa utumbo, la sivyo hakifanyi kitu. Kinyesi kikiwa kama jiwe, mafuta ya kula ya vuguvugu huingizwa taratibu jioni na kuachwa usiku kucha, kisha enema ya maji asubuhi. Enema ya fosfeti niiogope kwa mwenye figo dhaifu. Ikibidi kutoa kwa kidole, dozi ya ziada ya mofini itangulie nusu saa, na kazi ifanywe polepole, vipande vidogo. Aliyepata tibakemikali karibuni na huenda seli nyeupe au chembe sahani zake zimeshuka, asiingizwe kidole wala enema kabla ya daktari kuamua: mchubuko mdogo hapo unaweza kuwa sumu ya damu, au kutokwa damu kusikokoma.

Mlango ukishafunguka, anaanza bisakodili miligramu 10 kila usiku, bila kuruka. Lengo ni choo laini, bila kujikamua, angalau kila baada ya siku mbili. Siku mbili zikipita bila choo, anaongezwa hadi 15, kisha 20. Kikitoka lakini kigumu, ongeza laktulosi. Kikiwa laini lakini kuna msokoto, punguza bisakodili. Mofini ikipandishwa hadi miligramu 10 kila dozi, uliza habari za choo siku hiyo hiyo. Dozi ya dawa ya choo haifuati hesabu ya mofini. Inafuata choo chenyewe. Siku tatu bila choo: apimwe kwa kidole tena, asisubiri kliniki ya wiki ijayo.

Na zile hatua thelathini zisisahaulike. Mtu mwenye saratani kwenye nyonga hawezi kuchuchumaa, kwa hiyo huzuia haja. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, ndoo chini yake, kigoda cha kuinua miguu, pazia la kanga. Ikifika nusu saa baada ya chai ya moto, akae hapo, utumbo unapoamka wenyewe kwa kupokea chakula.

Kuna hali ambazo hazitibiwi kwa kuongeza vidonge. Tumbo likivimba, msokoto ukija kwa mawimbi, akatapika, na hata upepo hautoki, huenda utumbo umeziba. Simamisha bisakodili na sena na umfikishe hospitali. Maumivu makali ya mgongo, miguu kulegea, ganzi kati ya mapaja, mkojo kugoma pamoja na choo: uti wa mgongo unabanwa, na hilo ni la saa, si la siku, kwa maana akishapooza ni nadra miguu kurudi. Kiu isiyoisha, mkojo mwingi, kuchanganyikiwa, kwa mwenye saratani ya mifupani kama huyu: apimwe kalsiamu ya damu.

Wachache hubaki wamefunga choo hata baada ya dawa ya kusukuma na ya kulainisha kufikishwa juu. Kwao ipo sindano ya methilinaltreksoni, inayoiondoa mofini kwenye vipokezi vya utumbo bila kupenya ubongoni, kwa hiyo kinga ya maumivu inabaki. Karibu nusu ya wagonjwa hupata choo ndani ya saa 4. Haipewi utumbo ukiwa umeziba, maana unaweza kutoboka. Kwetu hupatikana kwa shida. Kilicho karibu zaidi mara nyingi ni kubadili kwenda bandiko la fentanili, ambalo hufunga choo kidogo kuliko mofini, pale linapopatikana na maumivu yakiwa yametulia.

Binti wa mfano wetu nimempa daftari la shule lenye safu tatu: tarehe, choo kilivyokuwa, vidonge alivyomeza jana usiku. Pembeni kuna namba ya simu ya muuguzi na maneno haya kwa mwandiko mkubwa: SIKU TATU, PIGA. AKITAPIKA NA TUMBO LIMEVIMBA, PIGA SASA HIVI.