Nilivyopata AEO nikiwa Tabora: kamba, sili na mapipa ya asali

Kuna mtu alinichaji milioni mbili na kitu hivi aniandalie faili la kuomba AEO, cheti cha forodha cha mfanyabiashara anayeaminika, na faili lile lile ndilo lililonichelewesha. Naandika hii kwa sababu bado yupo mtaani anawaambia watu wa Tabora kwamba ukifunga kamera nne na ukawa na faili nene umemaliza, na wengine wameshaanza kumlipa.

Mimi nasafirisha asali na nta. Mzigo mwingi naukusanya Sikonge na Uyui, naufungasha hapa mjini, unashuka Dar kupanda meli kwenda Ulaya. Kabla ya AEO shida yangu haikuwa soko wala asali, ilikuwa njia nyekundu. Wakala anaingiza dekleresheni kwenye TANCIS, mfumo wa kompyuta wa forodha, mfumo unaipangia njia, kijani mzigo unaruhusiwa, njano wanataka kuona karatasi, nyekundu wanafungua mzigo. Nyekundu kwa muuza asali ni balaa maana kontena likifunguliwa sili, ile kufuli ya namba ya mlangoni, inakatwa, inawekwa mpya, namba haifanani tena na ile uliyompa mwenye meli, kwa hiyo BL, hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, irekebishwe, na wakati inarekebishwa meli imeondoka na wewe unalipa storeji.

Msimu mmoja wa masika walishusha mapipa yangu kwenye yadi moja Dar. Afisa alitaka kuona pipa la nyuma kabisa, haki yake, lakini mimi na wakala hatukuwa na namna ya kumwonyesha lipi ni lipi, ikabidi kontena zima litoke nje. Vibarua wa yadi wakarudisha vifuniko bila kubana ringi. Asali inavuta unyevu wa hewani na hewa ya Dar masika mnaijua. Ilitoka Tabora na unyevu chini ya asilimia 19, ilipofika kwa mnunuzi yale yaliyofunguliwa yalikuwa yamevuka asilimia 20 ambayo ndiyo mwisho wa kiwango, mengine yameshaanza kuchachuka. Akayakataa. Hapo ndipo nikasema hii AEO lazima niipate.

Kwa ambaye hajui, AEO ni mpango ambao forodha wanakuchunguza wewe, hesabu zako, stoo yako, watu wako na mwenendo wako wa nyuma, wakiridhika wanapunguza kuchunguza kila mzigo wako. Msingi wake ni mwongozo wa SAFE wa Shirika la Forodha Duniani wa mwaka 2005, Afrika Mashariki imeuingiza kwenye taratibu zake za forodha na kwa Tanzania wanaousimamia ni TRA. Unaandika maombi kwa Kamishna wa Forodha, unajaza fomu ya kujitathmini, wanapitia karatasi halafu wanakuja kwako kuangalia. Rekodi yako ya kama miaka 3 nyuma inatazamwa, na kodi iwe safi, hilo siongezi neno.

Sasa yule mtaalamu wangu alinakili mwongozo wa usalama wa kiwanda fulani kikubwa, akabadilisha jina akaweka la kwangu. Ndani yake kuna idara ya usalama, kuna chumba cha kontroo, kuna geti namba tatu. Mimi nina stoo moja na geti moja! Maafisa walipokuja hawakuhangaika na kamera hata kidogo. Mmoja alimfuata mlinzi wangu Mzee Shabani, akamwamkia vizuri, "Shikamoo mzee," halafu akamuuliza, "Kontena tupu likifika hapa getini unafanya nini?" Mzee akajibu, "Namfungulia dereva aingie, baba." Basi. Faili lilisema kontena linakaguliwa sehemu saba, anayelipokea hajawahi kusikia. Walinirudishia na orodha ya mambo ya kurekebisha, na kwa kweli orodha ile ilikuwa na faida kuliko kila kitu nilichomlipa yule bwana.

Nikalitupa faili nikaanza upya na watu wangu watatu wa stoo. Zile sehemu saba ni hizi: chini ya kontena na nje, milango ndani na nje, ukuta wa kulia, wa kushoto, ukuta wa mbele, dari, na sakafu. Kinachotafutwa ni sehemu iliyofichwa, mtu anaweza kuweka ukuta wa uongo kule mbele akasafirisha vitu vyake kwa jina lako. Utaujuaje? Hapa ndipo najivunia. Kontena la futi 20 kwa ndani lina urefu wa karibu mita 5.9. Nilichukua kamba ya katani nikaipima, nikafunga fundo mwanzo na fundo mwisho, ikaning'inizwa ukutani stooni. Kontena likifika Mzee Shabani anaingia na kamba, kijana anashika fundo moja kwenye ukuta wa mbele, mzee anavuta mpaka mlangoni. Fundo likifika usawa wa mlango sawa, likizidi kutoka nje kwa kiganja na zaidi hatupakii, tunapiga simu. Halafu anagonga ukuta kwa rungu, ukuta wa kweli na wa uongo havitoi mlio mmoja. Haihitaji kujua kusoma futi wala haihitaji betri.

Kwenye sili niliwafundisha vitendo vinne: itazame, soma namba ulinganishe na karatasi, ivute, izungushe. Wengi wanaishia kutazama, na sili iliyokatwa ikagundishwa ukiitazama inaonekana nzima kabisa, ukiizungusha ndio inajifungua. Ili wasifanye kwa mazoea nilikuwa naandika makusudi tarakimu moja tofauti kwenye karatasi ya geti, atakayegundua anapata vocha. Haikuchukua muda wakawa wananikamata kila mara. Sili zenyewe nunua zile za bolti zenye kiwango cha ISO 17712, zikae kabatini kwa funguo, na kila moja iandikwe imetumika wapi, hata iliyoharibika iandikwe.

Ila kazi kubwa ni hesabu, na hii hakuna aliyeniambia. Maafisa walichagua dekleresheni moja ya zamani wakataka niwafuatishe kutoka karatasi ya forodha kurudi nyuma mpaka kwa mrina asali. Nikachukua kontena la mapipa 70. Kila pipa lina namba ya rangi kwenye kifuniko na kwenye mwili, limepimwa tupu na limepimwa likiwa limejaa. Asali kilo 300 kwa pipa, jumla 21,000, pipa tupu kilo 20, jumla 1,400, kwa hiyo mzigo kilo 22,400. Lori langu hupimwa mizani likiwa na kontena tupu na likishapakiwa, tofauti lazima ije hapo hapo ukiongeza zile mbao za kuzuia mapipa yasicheze. Halafu kilo 21,000 ndizo zionekane kwenye invoisi kama uzito halisi, na 22,400 kwenye dekleresheni kama uzito wa jumla. Wakala wangu wa zamani alikuwa na tabia ya kuandika namba moja sehemu zote mbili, anasema ni kitu kidogo. Sio kidogo, dekleresheni inakwenda kwa TIN yako na makosa yanabaki kwenye rekodi yako sio yake. Nilibadilisha wakala. Wa sasa hatumi kitu mpaka anitumie rasimu niisome mwenyewe.

Awamu ya pili Mzee Shabani aliulizwa tena swali lile lile. Hakujibu kwa mdomo, alikwenda ukutani akatoa kamba. Yule afisa alishika fundo mwenyewe.

Sasa faida. Napakia na kufunga sili hapa Tabora na mara nyingi kontena linafika bandarini halifunguliwi, karatasi zinapita haraka, na ile sili niliyofunga mimi ndiyo inayosomeka kwenye BL. Zamani nilikuwa naondoa mzigo mapema sana nikiogopa nyekundu, unakwenda kulala Dar unakula storeji, siku hizi naupanga karibu na tarehe ya meli. Hela ya storeji na demareji, ile faini ya kuchelewesha kontena, niliyookoa msimu wa kwanza ilizidi gharama zote za maandalizi, pamoja na ya yule bwana. Na mnunuzi ukimwambia tarehe inatimia, hilo kwenye biashara ya asali lina bei yake.

Ila msije mkadhani hamtakaguliwa kamwe. Ukaguzi wa kubahatisha upo na skana ipo, na ukiharibu cheti kinasimamishwa au kinafutwa. Mimi nimeshapata ukaguzi nikiwa na AEO. Tofauti ni kwamba safari hii nilikuwa na mchoro wa upakiaji, kila mstari una namba za mapipa yake, na mstari wa mlangoni huwa naweka mapipa ya makundi tofauti ya asali sio ya kundi moja, ili afisa akitaka kuona asali ya Sikonge au ya Uyui vyote viko hapo mbele. Alilinganisha namba, akafungua mawili, kijana wangu akabana ringi mwenyewe, sili mpya ikaandikwa na wakala akawapa kampuni ya meli namba siku ile ile kabla BL haijatoka. Meli hatukuikosa.

Na AEO ni ya forodha tu. Cheti cha afya, cheti cha mionzi kutoka TAEC, vibali vya upande wa mazao ya nyuki, vyote hivyo vina foleni yake na cheti chako cha AEO hakisogezi hata kimoja. Kuna jirani yangu alipata kijani ndani ya muda mfupi halafu kontena likakaa likisubiri karatasi ya maabara. Mimi sampuli natoa asali ikiwa bado stooni, kundi likishafungwa namba tu sampuli inaondoka, ndipo naanza kutafuta nafasi ya meli. Wengi wanafanya kinyume.

Kingine, cheti chetu kinatambulika kwa wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini Ulaya hakina nguvu. Wao wana makubaliano ya kutambuana na Marekani, Japani, China na wengine, sisi hatumo. Kwa hiyo mzigo wangu ukishafika kule unapangwa kwenye hatari kama wa mtu mwingine yeyote, na mnunuzi wangu nilimweleza hivyo mapema asije akatarajia kingine. Ndio maana nta ya msimu ujao naielekeza Nairobi. Wakala wa upande wa Namanga nimeshampata na nimemtaka kitu kimoja tu kabla hatujaongea bei, anitumie rasimu ya dekleresheni niisome.