Lile deni lipi?

Saa 11:30 alfajiri. Bado giza, Ngamiani ndiyo kwanza inaamka. Napanda kigoda na kuishusha bahasha ya kaki iliyokaa juu ya kabati la vyombo siku 19. Ndani mna flashi, na ndani ya flashi mna hadithi yangu fupi ya maneno kama 2,400, niliyoilaza ili leo niisome kama mgeni. Niliitoa kwenye kompyuta kabisa, maana najijua: ikibaki pale, usiku nitaifungua "nirekebishe neno moja tu", na muda wote wa kuilaza utakuwa umeharibika.

Saa 2 asubuhi. Duka la kuchapa. Kijana ananiamkia, "Shikamoo mama," naitikia, namwomba abadilishe herufi. Mimi huandika kwa Times New Roman, saizi 12. Za kusoma nataka Georgia, saizi 14, na pambizo pana. Mistari ikikatika mahali pengine, jicho halina pa kuegemea. Kwa sura ile ya zamani nakuwa sisomi, nakumbuka. Ndiyo maana "alipopika" iliweza kukaa mahali pa "alipofika" nami nikaipita mara kumi.

Wakati mashine inatoa karatasi, kijana anachungulia ukurasa wa nne. "Mama, kwani hilo deni lilikuwa la nini?" Nafungua mdomo nimweleze, kisha naufunga. Namwambia asome ukurasa wa kwanza na wa pili. Anasoma akiwa amesimama. "Huku halipo."

Saa 3:30. Benchi chini ya mkungu, mbali na meza yangu. Usomaji wa kwanza ni wa sauti, bila kalamu. Nikishika kalamu naanza kusogeza koma, na anayesogeza koma ni mwenye nyumba, mgeni hana habari nazo. Nilichoruhusiwa ni kukunja kona ya ukurasa niliochoka au niliorudia mstari. Dakika 25, kona tatu.

Saa 5. Sasa kalamu. Naanza na deni. Sentensi inasema: "Tangu lile deni la baba, Rehema hakupita tena njia ya sokoni." Napekua daftari la kazi na kumwona mkosaji: aya iliyoeleza jinsi baba alivyokopa fedha za injini ya mashua niliifuta mwenyewe nikiona inachelewesha hadithi. Aya ikaenda, "lile" likabaki. Kwa hiyo nazungushia duara kila "yule", "lile", "ile" na "huyo", na kwa kila moja nauliza: msomaji amekutana nacho wapi? Maduara 31. Manne hayana jibu. Sihitaji kurudisha aya nzima. Nusu sentensi kuhusu injini, ukurasa wa kwanza, inatosha.

Kona ya pili ni ngumu zaidi, na Kiswahili chetu kinachangia. Niliandika:

"Rehema aliwakuta mama na shangazi barazani. Alipomwona alinyanyuka, akamwambia asiingie ndani."

Nani alinyanyuka? Nilipoandika nilikuwa namwona shangazi na kanga yake ya njano, haikunipitia kwamba "a-" na "-m-" zinawatosha wanawake wote watatu. Jaribio la kwanza nikataja majina kila mahali: shangazi akamwambia Rehema, Rehema akamjibu shangazi. Ikawa kama maelezo ya polisi. Mwishowe nikauacha mkono ufanye kazi: "Shangazi alinyanyuka. Mkono wake ukaziba mlango kabla Rehema hajavua viatu." Mkono una ngeli yake, hauwezi kuchanganywa na mtu.

Kona ya tatu ilikuwa sentensi niliyoipenda mno. Nimeikata. Tuendelee.

Saa 7. Wali na dagaa, na simu ya mhariri wa gazeti ninaloliandikia safu kila wiki. Safu haipati siku 19. Hulala usiku mmoja, asubuhi naisoma kuanzia aya ya mwisho kurudi juu, ili mtiririko usinibebe. Usomaji huo hukamata makosa ya sentensi. Tundu kama la lile deni hupita, kwa sababu ukisoma kinyume huwezi kujua nini kilitakiwa kutangulia.

Kulaza nako kuna kikomo. Nina hadithi niliyoiacha miaka miwili. Nilipoifungua nilikuwa mgeni kweli, mgeni hata wa sauti yake, na kila aya niliyoongeza ilisikika kama kiraka cha kitambaa kingine. Nikaiandika upya yote.

Saa 11 jioni. Marekebisho yameingia kwenye kompyuta. Nusu sentensi mpya ya ukurasa wa kwanza inaniridhisha, jambo linalonitia wasiwasi: ina saa tatu tu tangu izaliwe, na sehemu zilizorekebishwa ndizo huzaa makosa mapya. Narudisha flashi kwenye bahasha, nafuta tarehe ya zamani, naandika ya Jumatano. Siku nne. Kigoda kiko palepale nilipokiacha alfajiri.