Punje tatu nilizozirudisha nyuma: nilivyoelewa mtiririko na mkato

Kwa wiki mbili nzima niliweza kuikariri kanuni hii bila kuielewa: kiasi kikubwa kabisa kinachoweza kupita katika mtandao ni sawa na uwezo wa mkato mdogo kabisa. Nusu yake haikunisumbua. Mkato ni kuugawa mtandao pande mbili, chanzo huku na kikomo kule; kila kinachofika lazima kimevuka mpaka huo, basi hakiwezi kuzidi jumla ya uwezo wa njia zinazovuka. Nilichokwama nacho ni neno "sawa". Kwa nini usiwepo mtandao ambao mkato wake mdogo unaruhusu 10, lakini uhangaike vyovyote vile, zaidi ya 9 haipiti?

Jumamosi moja nikaacha kusoma. Nikachukua karatasi ya manila, nikachora vituo sita na mishale minane, na juu ya kila mshale nikaandika uwezo wake:

```
S→A 6    S→B 5
A→C 4    A→D 5
B→D 4    C→D 2
C→T 7    D→T 5
```

S ndiyo chanzo, T ndiyo kikomo. Nikaomba jikoni kikombe cha maharage. Punje moja ni kipimo kimoja cha mzigo, na sheria ni mbili tu: punje juu ya mshale zisizidi namba yake, na katika A, B, C na D zinazoingia ziwe sawa na zinazotoka.

Nikaanza na njia iliyonijia kwanza, S→A→D→T. Uwezo wa mishale yake ni 6, 5 na 5, kwa hiyo punje 5 zikapita. Kisha S→A→C→T, ambako S→A ilikuwa imebakiwa na nafasi 1 tu, nikapitisha 1. Jumla 6. Baada ya hapo nikagota. S→A imejaa. Nikienda B nafika D, lakini kutoka D kwenda T pamejaa, na hakuna mshale mwingine unaotoka D. Nikajaribu kutafuta mkato wenye uwezo 6 ili nijiridhishe kwamba nimemaliza, sikuupata hata mmoja. Hiyo ilikuwa dalili kwamba kazi haijaisha, ila wakati ule sikuisoma hivyo. Nilidhani kanuni ndiyo imenishinda.

Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele. Akanyoosha kidole kwenye A→D, akaniuliza, "Kaka, hizi tano zilizopita hapa, zote zilikuwa na lazima ya kupita hapa?"

Hazikuwa na lazima. Baadhi zingeweza kupitia C. Nikaondoa punje 3 kwenye A→D, nikaziweka kwenye A→C na C→T, ambako palikuwa na nafasi. Sasa D ilipungukiwa punje 3, na pengo lile nikalijaza kwa punje 3 mpya kutoka S kupitia B. Nikahesabu pale T: 4 zimeingia kutoka C, 5 kutoka D. Jumla 9.

Hapo ndipo mshale wa kinyume uliponiingia akilini. Kitabu changu kilisema tu kwamba mshale wenye mtiririko unaweza kupitwa kinyume, nami nilikuwa napata picha ya lori linalorudi nyuma barabarani. Hakuna kinachorudi. Kupita D→A kinyume maana yake ni kutengua uamuzi wa awali: mzigo uliokuwa umetumwa D unaelekezwa kwingine, na nafasi yake pale D inachukuliwa na mzigo mwingine. Njia niliyoipata ni S→B→D→A→C→T. Nafasi zake ni 5, 4, 5, 3 na 6, ambapo ile 5 ya D→A ni punje zinazoweza kutenguliwa na ile 3 ni nafasi iliyobaki A→C. Ndogo kuliko zote ni 3. Hiyo ndiyo inayoitwa njia ya nyongeza, na utaratibu wa kuitafuta tena na tena ni ule waliouchapisha wanahisabati Ford na Fulkerson mwaka 1956.

Nikatafuta njia nyingine ya nyongeza. Kutoka S naweza kufika B, bado kuna nafasi 2. Kutoka B nafika D, nafasi 1. Kutoka D narudi A kinyume, maana kuna punje 2 za kutengua. Hapo basi: A→C imejaa, D→T imejaa. Nikazungushia kwa kalamu nyekundu vituo vyote nilivyoweza kuvifikia: S, A, B na D. Nje wakabaki C na T.

Nikajumlisha mishale inayokatizwa na mstari mwekundu: A→C 4, D→T 5, C→D 2. Kumi na moja! Nikavunjika moyo, maana nilikuwa na punje 9. Nikakaa nalo kama nusu saa hivi nikidhani nimekosea kuhesabu. Kosa lilikuwa kwenye C→D. Mshale ule unaingia ndani ya duara, hautoki, na uwezo wa mkato ni wa mishale inayotoka upande wa chanzo tu. Ukiuondoa, 4 na 5 ni 9.

Na sababu ya usawa ilikuwa mbele yangu kwenye manila. Kila mshale unaotoka nje ya duara lazima uwe umejaa, la sivyo ningeupita na kituo cha upande wa pili kingekuwa ndani. Kila unaoingia lazima uwe mtupu, la sivyo ningeutengua kinyume, nako kituo kingeingia ndani. Basi kinachovuka mpaka ni uwezo wote wa mkato, bila kupungua chochote. Kukwama kwenyewe ndiko kunakouchora mkato.

Namba zikiwa kamili, kukwama huko lazima kufike, kwa sababu kila njia ya nyongeza inaongeza angalau 1 na jumla haiwezi kuzidi uwezo wa mkato. Kwa namba zisizo na uwiano, yaani zisizoandikika kama sehemu ya namba kamili mbili, ukichagua njia vibaya, unaweza kuendelea bila mwisho.

Swali hili halikuanza kwa kusafirisha tu. Mwaka 1955 Wamarekani Harris na Ross waliandika ripoti kuhusu mtandao wa reli wa Sovieti, na walichokitaka hasa ni ule mkato: wapi pa kukata ili mzigo usipite.

Mdogo wangu akaniuliza tena, "Si S→A imejaa? Ukiipanua?" Nikafuta 6, nikaandika 10. Mstari mwekundu haukusogea, maana S na A zote zimo ndani ya duara. Zilibaki 9 zile zile. Mshale uliojaa si lazima uwe ndio unaobana. Nikairudisha 6, nikapanua A→C kutoka 4 hadi 7, nikitarajia punje 3 zaidi. Ikapita 1 tu, kwa S→B→D→A→C→T, kisha B→D ikajaa. Nikazungushia upya: safari hii ndani zilibaki S na B peke yake. S→A 6, B→D 4, jumla 10, na pale T nikahesabu punje 10.