Ijumaa nane

Jana usiku mtoto wa dada angu kanitumia imeili yake ya kuomba fildi, anasema anko nisomee kabla sijaituma. Nikafungua, nikakuta kaandika "nina uzoefu mkubwa wa mifumo ya umeme wa viwandani". Yuko mwaka wa pili. Nikabaki na simu mkononi, mawazo yote yamerudi Mwanjelwa, Mbeya, mwezi wa sita 2014.

Yangu nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi ya daftari nikaipeleka steshenari wanichapie na kuituma palepale, maana simu yangu ilikuwa ya tochi. Dada wa pale alikuwa anachapa haraka haraka bila hata kuniangalia, mpaka alipofika kwenye tarehe akasimama. Nilikuwa nimeomba wiki 8, kuanzia Jumatatu 14 Julai hadi Ijumaa 29 Agosti. Akanyanyuka akachomoa kalenda ya ukutani, akailaza juu ya kibodi, akaanza kugusa Ijumaa moja moja na kifuniko cha kalamu: tarehe 18, tarehe 25, tarehe 1 Agosti, 8, 15, 22, 29. Akanyamaza, akarudia tena toka mwanzo, safari hii kwa sauti ili na mimi nifuate. "Mdogo wangu, hizi ni saba. Ya nane inaishia tarehe 5 Septemba."

Kumbe nilianza kuhesabu toka wiki ya tarehe 7, wiki ambayo tulikuwa bado kwenye mitihani. Nilihisi baridi mgongoni kwa sababu chuo chetu kilikuwa kinataka wiki zote 8 zisainiwe kwenye logibuku, na kampuni ikishakupangia hadi 29 Agosti nafasi yako anaahidiwa mwanafunzi wa chuo kingine, sasa utaenda kumwomba nani hiyo wiki moja iliyobaki? Akarekebisha, na kichwa cha imeili akakiandika hivi:

OMBI LA MAFUNZO KWA VITENDO: DIPLOMA YA UMEME, 14 JULAI – 5 SEPTEMBA 2014

Alisema mtu wa ofisini anaweza asifungue, ila akisoma hapo tu ajue mtu anataka nini na lini.

Barua ya utambulisho ya chuo alinikatalia kuipiga picha, muhuri ulikuwa umefifia, akaiskani vizuri na lile faili la `scan0007.pdf` akalibadilisha jina likawa `Barua_ya_Utambulisho.pdf`.

Ikabaki aya ya ujuzi, na hapo ndo nilikaa sana. Nilikuwa nimeandika: "Naweza kutumia multimita na kufanya waya za nyumba chini ya uangalizi wa fundi. Nimewahi kuunga stata ya DOL na ya staa-delta kwenye maabara ya chuo. Sijawahi kugusa mota ya fezi tatu iliyo kazini kiwandani, na naomba nafasi ya kujifunza." Ile sentensi ya mwisho nikamwambia aifute. Akaifuta. Nikaisoma aya bila hiyo sentensi, nikaona kama nimedanganya, yaani kila neno lililobaki lilikuwa kweli lakini msomaji angeelewa kwamba mota nazijua. Nikamwomba airudishe, akairudisha bila kuniuliza kitu.

Tukatuma sehemu 6, kila moja imeili yake na jina la kampuni yake. Ikajibu moja, karakana ya kusuka mota Dar, baada ya siku tisa: njoo tarehe 14 saa 2 asubuhi na buti na ovaroli. Siku ya kwanza fundi mkuu alinishika bega akanipeleka kwenye mota iliyokuwa imefunguliwa, akasema "wewe si ndo yule hajawahi kugusa? Haya, gusa, imezimwa na nimeipima mwenyewe". Akanionyesha koili zilizoungua, makundi mengine nyeusi tupu na mengine katikati yake bado yana rangi ya shaba, akaniambia fezi moja ilikatika mota ikaendelea kuzunguka kwa mbili zilizobaki, ndo zikaungua hizo. Hilo sijalisahau mpaka leo.

Ila zile sehemu 5 hazikujibu kabisa, na sijui. Inawezekana walisoma hiyo "sijawahi" wakafunga. Inawezekana hata hawakufungua. Siwezi kumwambia huyu mtoto kwamba sentensi ile ndo ilinipa nafasi wakati huenda ndo ilininyima tano.

Nimemjibu ahesabu Ijumaa zake kwanza, na huo uzoefu mkubwa autoe, aandike alichokishika kwa mkono wake na alikishikia wapi. Kaniuliza, "na ambacho sijawahi nacho nikiandike?" Toka asubuhi naandika jibu nafuta.