Milimita 12 za wapi?

Jumapili mwanangu alikuwa ufukweni, anajaza mchanga mbichi kwenye ndoo yake ndogo, anaipindua, anaivuta juu. Mchanga unabaki umesimama vizuri. Akajaribu na kopo la maziwa, mchanga ukameguka pembeni. "Baba, mbona hili linakataa?" Nikamwonyesha kwamba mdomo wa ndoo ni mpana kuliko kitako, ila kopo limenyooka wima na linakwangua mchanga njia nzima likivutwa. Kisha nikakaa kimya, maana nilikumbuka ule ukuta.

Ilikuwa pateni ya kishikio cha beringi, yaani umbo la mbao linalofukiwa kwenye kalibu ya mchanga na kuvutwa nje, kisha chuma kilichoyeyuka kinajaza nafasi yake. Mchoro ulisema ukuta una unene wa milimita 12, kimo 120, mteremko nyuzi 2 kila upande. Nikapima 12 kwenye mstari wa mgawanyo, pale boksi la juu linapokutana na la chini, kwa kuwa ndipo rula ilipokaa vizuri. Nikapiga randa kuelekea juu.

Tulipovunja mchanga, ukuta haukuwa na kona. Ukingo wa juu ulikuwa umeviringika kama mshumaa uliowaka, na nilipoweka tupa iliteleza kama juu ya kioo. Mzee wa pateni akaugusa, akasema, "Mwanangu, umepima chini. Juu kumebaki nini?"

Akaandika kwa chaki juu ya meza: kimo mara tan ya pembe. 120 × tan 2° = 4.19. Huo ni upande mmoja. Ukuta una nyuso mbili, kwa hiyo unapungua 8.4. Juu zilibaki milimita 3.6. Chuma kilipanda kikapoa kabla ya kujaza kona, na kilichofika kikapoa haraka mno hadi kikawa cheupe na kigumu.

Nikataka kuanzia 12 juu. Mzee akanizuia: chini ingekuwa 20.4, donge nene linalopoa mwisho na kuacha tundu ndani. Tukashusha mteremko hadi nyuzi 1. Hapo kila upande ni 2.1, kwa hiyo ukuta ni 12 juu na 16.2 chini. Gharama yake ni kwamba pateni inakwama kwa urahisi zaidi. Niliisugua kwa msasa laini na kuipaka vanishi mara tatu ndipo ikatoka bila kumegua mchanga. Chuma kikajaa hadi kona.

Baadaye nilimuuliza mchoraji 12 yake ilikuwa ya wapi. Akanyamaza kidogo, akasema labda katikati. Kwa nyuzi 1 hiyo ingekuwa 9.9 juu na 14.1 chini. Vipande vya 16.2 tulikuwa tumeshavipeleka, na hakuna aliyevirudisha.